Majipu ya mbuzi yanavuka mpaka bila kuulizwa

Mbuzi anayevuka Namanga kihalali anatakiwa kuwa na karatasi zake. Kuna kibali cha kusafirisha mifugo, kuna cheti cha afya chenye mhuri wa daktari wa serikali, na swali ambalo maofisa wa pande zote mbili hulitilia mkazo ni la sotoka ya mbuzi na kondoo. Wana sababu. Sotoka hiyo ilionekana Turkana mwaka 2006, Karamoja upande wa Uganda mwaka 2007, na mwaka 2008 ilikuwa imefika kaskazini mwa Tanzania. Ilitembea na mifugo, na mipaka yetu haikuipunguzia mwendo.

Kuna ugonjwa mwingine unaopita njia hizo hizo ambao hakuna anayeuulizia. Mbuzi mwenye ugonjwa huu hafi njiani. Anakula, anacheua, anatembea na wenzake, na akiwa beberu anapanda kama kawaida. Ila chini ya taya, au mbele ya bega, ana uvimbe mgumu ukubwa wa ndimu. Ukimuuliza dalali atakuambia ni mwiba, utapona. Huenda ni kweli mwiba ulianzisha, lakini hautapona kwa namna anayotaka uamini.

Hayo ni majipu ya tezi. Huletwa na bakteria wa jamii ya korinebakteria, ndugu wa yule anayesababisha dondakoo kwa watoto. Ni ugonjwa wa zamani, na karibu kila nchi yenye mbuzi na kondoo inao. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani halijauweka katika orodha ya magonjwa ambayo nchi wanachama hulazimika kuyatolea taarifa, ndiyo maana cheti cha mpakani hakiutaji. Mimi sidai uongezwe kwenye cheti. Wafugaji wa ukanda huu wana karatasi za kutosha, na kila karatasi mpya huishia kuwa bei mpya ya kupita. Ninachosema ni kwamba mbuzi mwenye uvimbe wa tezi ana soko lake halali, nalo ni machinjio. Tatizo letu ni kwamba tunamuuza kwenye soko lisilo lake, yaani kwa mfugaji mwingine.

Ili kuelewa kwa nini tofauti hiyo ni kubwa, inafaa kujua kinachotokea ndani ya uvimbe.

Bakteria hawa huingia kupitia mchubuko. Mwiba wa mgunga kwenye ua wa zizi, waya, jeraha la pembe mabeberu wanapopigana, tundu la hereni, kisu cha kukatia alama masikioni, kidonda cha kuhasi, vyote ni milango. Wakishaingia hubebwa hadi kwenye tezi iliyo karibu. Kwa mbuzi, ambaye husukuma kichwa kila mahali, mara nyingi ni tezi za kichwa na shingo. Kazi ya tezi ni kuwanasa wavamizi, na seli za ulinzi huwameza kama kawaida. Lakini bakteria hawa wana ganda lenye nta. Wanamezwa bila kufa, wanazaliana ndani ya seli iliyowameza, kisha wanaiua. Mwili unaposhindwa kuwaua hujenga ukuta mnene kuwazunguka. Ndani ya ukuta huo tezi yote hugeuka usaha mzito, mweupe au wa kijani hafifu, usio na harufu. Kwa kondoo usaha huo hukauka tabaka juu ya tabaka, na ukikata jipu la zamani utaona miviringo kama ya kitunguu.

Ukuta huo unaeleza kwa nini sindano za oksitetrasaiklini na penisilini zinazonunuliwa kwa wingi katika maduka ya dawa za mifugo hazisaidii. Dawa huzunguka na damu, lakini haipenyi ukuta kufika katikati ya usaha kwa kiasi cha kutosha, na bakteria waliojificha ndani ya seli hawaguswi. Uvimbe unaweza kutulia kidogo, mfugaji akashukuru, kisha ukarudi pale pale. Fedha imetoka, na dawa imo kwenye nyama na maziwa ya familia.

Jambo la pili ni muda. Kuanzia siku bakteria wanapoingia hadi uvimbe uonekane hupita kati ya mwezi mmoja na miezi sita. Mbuzi anaweza kununuliwa leo akiwa safi machoni, akakaa zizini msimu mzima, ndipo ajitokeze. Kufikia hapo mnunuzi hamkumbuki aliyemuuzia, na kama anamkumbuka, hana la kumwambia.

Tuchukue mfano. Mfugaji wa Longido ana mbuzi 60 na zizi lake halijawahi kuona majipu haya. Mwezi Januari ananunua beberu mzuri kutoka upande wa pili wa mpaka, mrefu, mwenye nyama, wa kuboresha mbegu. Mbele ya bega la kushoto, chini ya manyoya, pana kinundu kama harage. Hakuna aliyempapasa.

Mwezi Machi kinundu kimekuwa ndimu. Mwezi Mei manyoya ya juu yake yametoka, ngozi imekuwa nyembamba na nyekundu, na usiku mmoja beberu anajisugua kwenye nguzo ya zizi, jipu linapasuka. Asubuhi mfugaji anaona uvimbe umenywea na anafurahi kwamba umepona. Kwa kweli hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Usaha wenye mamilioni ya bakteria sasa uko kwenye nguzo, kwenye miiba ya ua, kwenye jiwe la chumvi na kwenye hori ambalo mbuzi wote 60 huingiza vichwa.

Mbuzi wanaendelea kuchubuka kwenye miiba ile ile kama walivyochubuka siku zote, ila sasa miiba ina kitu. Mwezi Agosti wanambuzi 20 wanakatwa alama masikioni, na kisu kinafutwa kwenye majani kati ya sikio na sikio. Kufikia Oktoba majike wanne wana uvimbe chini ya taya. Mwaka mpya unapoingia wenye uvimbe ni 11, wakiwemo wanambuzi ambao beberu hajawahi hata kuwagusa. Ada za shule zinafika. Mfugaji anachagua wa kuuza na, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, anawatoa wenye uvimbe. Wawili wananunuliwa na wafugaji, mmoja wa Arusha na mwingine wa Kajiado. Mazizi mawili mapya yameingia kwenye hesabu.

Mfano huu nimeutunga, lakini hatua zake ndizo ambazo ugonjwa huufuata, na kuna nchi iliyozipitia ikiwa na karatasi zote mkononi. Uingereza ilikuwa haina majipu haya katika mbuzi na kondoo wake. Mwaka 1987 waliingizwa mbuzi wa Boa kutoka Ujerumani, mbuzi wa thamani, kwa ajili ya kuboresha mbegu. Mwaka 1990 ugonjwa ukathibitishwa kwa mara ya kwanza, katika mbuzi wenye uhusiano na msafara ule. Muda mfupi baadaye ukaonekana kwa kondoo, na mpaka leo uko huko, hasa katika makundi ya madume ya mbegu, kwa kuwa hao ndio wanaouzwa na kuazimwa kutoka shamba hadi shamba. Kama visiwa vyenye bahari pande zote na madaktari wa mifugo kila wilaya vilipitwa, sisi tunaopakana kwa nyasi tusijidanganye kwamba mhuri unatosha.

Nasisitiza habari ya beberu wa mbegu kwa sababu katika nchi zetu zote miradi mingi ya mifugo imejengwa juu yake. Beberu mmoja bora huzungushwa kwenye vikundi, kaya moja hadi nyingine. Kuna pia ile mipango ya kopa mbuzi lipa mbuzi, ambapo mzao wa kwanza hupewa jirani. Ni mipango mizuri. Ni vigumu pia kubuni njia bora zaidi ya kusambaza majipu haya, ikiwa hakuna anayepapasa tezi kabla ya kukabidhi.

Sasa, uvimbe ukishaonekana zizini afanyeje? Kwanza ahakikishe ni wenyewe. Si kila uvimbe wa shingo ni jipu la tezi. Mbuzi mwenye minyoo mingi inayonyonya damu huvimba chini ya taya, lakini uvimbe wake ni laini, uko katikati, ukibonyeza kidole huacha shimo, na ufizi na kope za ndani huwa nyeupe. Huyo anahitaji dawa ya minyoo upesi, la sivyo atakufa. Mwanambuzi anaweza kuvimba kooni kwa rovu. Mahali palipochomwa sindano chafu pia hutunga jipu, lakini mara nyingi usaha wake hunuka. Jipu la tezi liko palipo na tezi, ni gumu na la mviringo, lina mpaka unaoshikika kwa vidole, na halinuki. Uhakika kamili hutoka maabara: daktari huchukua usaha kwa sindano nene kutoka jipu ambalo halijapasuka, na bakteria huoteshwa. Kwa zizi ambalo halijawahi kuona ugonjwa huu, kipimo hicho kina thamani kuliko chupa zote za dawa atakazonunua baadaye.

Pili, amtenge siku hiyo hiyo, kabla jipu halijaiva. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumpasua mbuzi katikati ya zizi kwa wembe, usaha ukamwagika chini, watoto wakitazama na mbwa wakilamba. Kumpasua huko kunafanya kile ambacho jipu lingefanya lenyewe, ila mapema zaidi. Kosa jingine ni kuchoma fomalini ndani ya uvimbe. Wanaoisifu wanasema jipu hukauka bila kumwaga usaha. Hawasemi kwamba fomalini ni sumu inayohusishwa na saratani, kwamba mnyama huyo huliwa au hukamuliwa, na kwamba ikipenya nje ya ukuta wa jipu huunguza nyama, na karibu na taya inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya uso.

Kama mbuzi anastahili kutunzwa, jipu lipasuliwe likiwa limeiva, yaani manyoya yametoka na pana sehemu laini inayobonyea, mbali na zizi na mbali na maji. Chini ya sikio na pembeni mwa shingo pana mishipa mikubwa ya damu, hivyo afanye daktari au afisa mifugo. Anayeshika avae glavu. Binadamu huambukizwa mara chache, lakini huambukizwa, na waliougua wengi wao walikuwa watu wa kazi hii hii ya kushika kondoo na mbuzi. Mkato uwe upande wa chini wa jipu ili usaha ushuke wenyewe. Usaha wote ukusanywe kwenye chombo au matambara, kisha uchomwe na kufukiwa. Tundu lisafishwe kwa aidini kila siku, na mbuzi akae peke yake mpaka kidonda kifunge kabisa na ngozi iwe kavu. Kwa kawaida hiyo ni wiki tatu hadi nne. Maziwa yake yasinywewe mabichi, na kama jipu liko juu ya kiwele yasinywewe kabisa.

Hata baada ya yote hayo, mbuzi huyo hajapona kwa maana ya kuwa salama. Majipu yanaweza kurudi kwenye tezi ile ile au nyingine, na mengine hukaa ndani, kwenye mapafu na ini, pasipofikika kwa mkono. Kwa kondoo hali hii ya ndani ni ya kawaida zaidi. Kondoo jike mzima huanza kukonda mwaka hadi mwaka ilhali majani yapo na dawa ya minyoo kapewa. Wakati mwingine hukohoa, na jipu la mapafu likifunguka kwenye njia ya hewa humwaga bakteria kila anapokohoa. Kwa wafugaji wanaonyoa manyoya, mkasi unaopasua jipu moja hupeleka usaha kwa kondoo wanaofuata, na kuwaogesha wote kwenye josho wakiwa na michubuko mipya ya mkasi huukamilisha usambazaji huo.

Kwa hiyo kazi ya kweli ni ya zizi zima, na yule mfugaji wetu mwenye mbuzi 60 na 11 wenye uvimbe bado anaweza kuifanya. Anachagua asubuhi moja na kupapasa kila mbuzi kwa mikono miwili, kushoto na kulia kwa pamoja, ili tofauti ijulikane: chini ya taya, nyuma ya taya chini ya sikio, mbele ya bega, mbele ya paja, nyuma ya goti la mguu wa nyuma, na juu ya kiwele au kwenye mfuko wa korodani. Akizoea, ni kama dakika moja kwa mbuzi. Wenye uvimbe au kovu la jipu anawatia rangi na kuwatoa.

Wale 11 hawako sawa. Wazee, waliokonda, na wale ambao jipu limerudi mara ya pili waende kuchinjwa. Majike vijana wenye maziwa mazuri na jipu la kwanza wanaweza kubaki, lakini katika zizi lao, na hori lao, na jiwe lao la chumvi. Kila siku anayehudumia aanze na kundi safi, kisha amalizie kwa wagonjwa, asirudi nyuma. Wakichungwa, makundi yasigusane kwenye maji, na hilo najua ni gumu kuliko yote pale ambapo kisima ni kimoja kwa kijiji. Apapase tena kila mwezi. Kwa kuwa ugonjwa unaweza kujificha miezi sita, kundi lisiitwe safi mpaka ipite miezi sita bila uvimbe mpya hata mmoja. Akipatikana mmoja mwezi wa tano, hesabu inaanza upya.

Zizi nalo lishughulikiwe. Bakteria hawa huishi nje ya mwili muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani: udongoni kwa miezi kadhaa, kwenye majani makavu ya chakula karibu miezi miwili, na zaidi pakiwa na kivuli na unyevu. Kumwagia dawa juu ya samadi ni kupoteza dawa, kwa sababu samadi huivunja nguvu kabla haijawafikia. Mfugaji wa kuhamahama ana nafuu hapa kuliko mwenye banda la saruji. Achome ua wa zamani wa miiba, ahamie eneo jipya, na zizi la zamani lipigwe jua mwaka mzima. Mwenye banda akwangue samadi yote, aoshe, aache pakauke, ndipo aweke dawa. Misumari na ncha za waya ziondolewe. Kisu cha masikio kiwe zaidi ya kimoja, na kila kimoja kichemshwe wakati kingine kinatumika.

Kuna njia ya kuumaliza kabisa, na Norwe imeionyesha. Kuanzia mwaka 2001 wafugaji wa mbuzi wa maziwa huko waliingia katika mpango wa kuondoa magonjwa matatu, haya majipu yakiwa mojawapo. Mwanambuzi alichukuliwa mara tu anapozaliwa, kabla mama hajamlamba, akapewa dang'a ya ng'ombe na kukuzwa katika jengo lililosafishwa. Kundi la zamani liliondolewa lote. Ilifanya kazi. Lakini ilihitaji ruzuku, majengo na ng'ombe wa jirani, na sioni familia ya Kajiado au Karamoja ikimnyang'anya mbuzi mwanawe usiku wa manane wa kiangazi. Linalowezekana kwetu ni toleo dogo la wazo hilo: wanambuzi wakiachishwa tu wapelekwe zizi jipya, wasirudi kwa wazee, na mbegu ya kesho itoke kwao.

Chanjo zipo. Australia imekuwa ikiwachanja kondoo wake tangu miaka ya 1980, na majipu yamepungua sana. Lakini chanjo hupunguza idadi ya majipu, haiponyi aliyeambukizwa, na iliyotengenezwa kwa kondoo si lazima imfae mbuzi. Anayekuuzia chupa akikuambia itaondoa uvimbe ulioko, anakuuzia maneno.

Narudi kwenye soko, kwa sababu hapo ndipo Jumuiya yetu ina la kufanya bila kuunda kamati mpya. Mbuzi mwenye jipu moja la tezi, aliyenona, si hasara. Kwenye machinjio yenye ukaguzi, mkaguzi hukata tezi, huondoa sehemu yenye jipu bila kulipasua, na nyama iliyobaki huliwa. Anayetupwa mzima ni yule aliyekonda na mwenye majipu kila mahali. Kwa hiyo mfugaji anayemtoa mapema kwa mchinjaji hupata bei, na anayengoja miaka miwili hupata ngozi na mifupa. Habari hii haimfikii mfugaji. Mkaguzi wa Kiamaiko jijini Nairobi au wa Vingunguti, Dar es Salaam, huona tezi za mbuzi wengi kwa siku, na anajua kuliko mtu yeyote ni shehena ipi ilikuwa na majipu. Anachokiona huishia kwenye daftari lake. Mbuzi akiwa ametoka ng'ambo ya mpaka, haifiki hata wilaya aliyotoka.

Kibali cha kusafirisha kinaonyesha wilaya ya asili. Namba yake ikiandikwa kando ya kila tezi iliyokatwa, na orodha ikatumwa kwa simu kila wiki kwa afisa mifugo wa wilaya hiyo, iwe Longido, Moyale au Moroto, mtu mmoja mwenye pikipiki atajua aende mazizi ya upande gani. Na katika minada ya mpakani, mifugo ya kuchinja na mifugo ya kufuga iuzwe katika nyua mbili, na kwenye mlango wa ua wa kufuga asimame mtu mwenye glavu anayepapasa. Atakayekutwa na uvimbe asinyang'anywe wala asitozwe faini. Aelekezwe ua wa pili, ambako wanunuzi wa nyama tayari wanasubiri.

Madalali watalalamika kwamba foleni itakuwa ndefu. Kwa mbuzi 200, watu watatu wanaopapasa kwa dakika moja kila mmoja wanamaliza kwa saa moja na dakika chache. Lori huchukua zaidi ya hapo kupakiwa.